Uzito wa Hewa ya Butembo

Leo nazungumza na mafundi wa hewa, wale wanaofunga feni na mabomba ya manjanja kwenye maabara, vyumba vya upasuaji na vyumba vya kutenga wagonjwa. Nazungumza pia na wakuu wa hospitali wanaotia sahihi karatasi za mafundi hao bila kuuliza namba zilizomo zilitoka wapi.

Janga la Ebola lililotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 lilituletea vifaa ambavyo wengi wetu hatukuwa tumeviona. Kule Beni mnavikumbuka vile vyumba vya plastiki angavu vinavyoitwa CUBE, ambapo mgonjwa alionekana na ndugu zake bila kuguswa. Hata hivyo Ebola huenea zaidi kwa kugusa majimaji ya mwili. Ugonjwa unaotulazimisha kuhesabu hewa ni kifua kikuu. Kwa chumba cha mgonjwa wa aina hiyo, kipimo kinachofuatwa sana duniani ni hewa yote ya chumba ibadilishwe angalau mara 12 kwa saa. Sasa hiyo 12 tutaijuaje? Feni inanguruma, karatasi ukiiweka kwenye tundu inavutwa, lakini mngurumo si kipimo.

Tuchukue mfano, nao ni mfano tu, wa vyumba viwili vya kutenga wagonjwa hapa Butembo. Kila kimoja kina urefu wa mita 6, upana mita 5 na kimo mita 3, yaani mita za ujazo 90. Viwili ni 180. Mara 12 kwa saa, tunahitaji kutoa mita za ujazo 2,160 kila saa. Hewa yote inapita kwenye bomba kuu moja la pembe nne, upana milimita 400, kimo milimita 300, kisha inakwenda kwenye feni juu ya paa.

Chombo cha kupimia ni mrija wa Pitot. Mfaransa Henri Pitot aliutumia mwaka 1732 kupima mwendo wa maji ya mto Seine kule Paris, na mpaka leo wazo ni lile lile. Mrija umepinda kama herufi L. Ncha yake inatazama mahali hewa inakotoka na kupokea presha yote, ile ya msukumo pamoja na ile iliyomo tu ndani ya bomba. Ubavuni kuna vitundu vidogo vinavyopokea ile ya pili peke yake. Mipira miwili inapeleka presha hizo kwenye manometa, nayo inasoma tofauti yake. Tofauti hiyo ndiyo presha ya mwendo. Manometa haijui mwendo wa hewa hata kidogo, inajua Paskali tu. Mwendo unapatikana kwa hesabu: zidisha presha ya mwendo kwa mbili, gawanya kwa uzito wa mita moja ya ujazo ya hewa, halafu tafuta kipeuo cha pili.

Simameni hapo kwenye uzito wa hewa, maana hapo ndipo Butembo inapoachana na vitabu.

Vitabu na mashine nyingi zimewekewa namba moja tayari: kilogramu 1.2 kwa mita ya ujazo. Hiyo ni hewa ya usawa wa bahari, kwenye joto la nyuzi 20 hivi. Ni hewa ya Mombasa au Dar es Salaam usiku wa baridi, kama usiku huo upo. Butembo tuko juu ya mita 1,700. Barometa hapa itakuonyesha Paskali 82,500 hivi badala ya 101,325 za pwani. Gawanya 82,500 kwa 287, namba ya kudumu ya hewa kavu, kisha gawanya tena kwa joto lililohesabiwa kutoka sifuri halisi, ambalo kwa nyuzi 22 ni 295. Unapata 0.974. Unyevu unapunguza kidogo, kwa kuwa mvuke wa maji ni mwepesi kuliko hewa kavu. Tunabaki na 0.97. Beni wako chini yetu, kwenye mita 1,100 na kitu, na joto lao ni kubwa zaidi. Kwao ni karibu 1.02.

Manometa ikisoma Paskali 15, fundi wa pwani atasema mwendo ni mita 5 kwa sekunde, naye atakuwa sahihi. Paskali hizo hizo 15 kwa Beni ni mita 5.4. Kwa Butembo ni karibu 5.6. Hewa nyepesi inalazimika kukimbia zaidi ili isukume kwa nguvu ile ile. Aliyeacha 1.2 ndani ya mashine anasoma hapa mwendo mdogo kuliko ulivyo, kwa asilimia 10, na mashine haitamwonya.

Barometa ina mtego wake. Mtu anafungua simu, anatazama hali ya hewa ya Butembo, anaona 1,015, anafurahi kwamba amepata presha. Hiyo imeshahesabiwa upya kana kwamba mji uko baharini, ili watabiri wa mvua waweze kulinganisha miji. Haifai kwa kazi yetu. Ukiona namba ya elfu moja na kitu na uko Butembo, iache. Tafuta presha halisi ya mahali uliposimama, ambayo hapa itakuwa 820 na kitu katika kipimo hicho hicho cha hektopaskali.

Sasa tuingie kwenye bomba. Hewa haitembei kwa mwendo mmoja kutoka ukuta hadi ukuta. Karibu na bati inasuguana na kupungua, na katikati inakwenda kasi. Ikiwa kuna kona karibu, inaegemea upande mmoja. Kwa hiyo mrija unaingizwa nukta kwa nukta mpaka umekata bomba lote. Kwa bomba letu tunatoboa matundu matano kwenye ubavu mmoja, na katika kila tundu tunasimama mahali patano. Zinakuwa nukta 25. Nafasi zake hazilingani. Kwenye upande wa milimita 400, hesabu kutoka ukutani ni 30, 115, 200, 285 na 370. Kwenye upande wa 300 ni 22, 86, 150, 214 na 278. Zilichaguliwa kwa hesabu ya jinsi mwendo unavyopungua karibu na ukuta, ili wastani wa kawaida wa namba 25 utoe jibu bila kupima kila milimita. Fundi anayegawanya bomba kwa jicho anaharibu faida hiyo. Weka alama kwenye mrija kwa utepe wa kunata kabla hujapanda ngazi.

Mahali pa kupimia pana uzito kuliko ubora wa mashine. Inatakiwa bomba lililonyooka bila kona wala matawi, kiasi cha mara saba na nusu ya kipenyo kabla ya kipimo na mara tatu baada yake. Bomba letu la pembe nne linahesabiwa kuwa na kipenyo cha milimita 343, kwa hiyo tunatafuta mita 2.6 zilizonyooka nyuma yetu na mita moja mbele. Nani ana mita 3.6 zilizonyooka juu ya dari ya hospitali? Mara nyingi utapata mita mbili. Utapima hapo hapo, lakini namba zenyewe zitakuambia kama zimechafuka. Ikiwa robo tatu ya nukta zako zinazidi sehemu moja ya kumi ya ile kubwa kuliko zote, mahali panavumilika. Nukta za pembeni zikianza kusoma chini ya sifuri, kuna hewa inayorudi nyuma au kuzunguka. Andika sifuri kwa nukta hizo, uzihesabu katika zile 25, na ukiweza tafuta mahali pengine.

Kosa linaloonekana dogo ni la wastani. Vijana wengi hukusanya presha 25, hutafuta wastani wake, kisha hufanya kipeuo mara moja. Chukua nukta mbili tu, moja Paskali 16 na nyingine 4. Wastani wa presha ni 10, kipeuo chake 3.16. Ukifanya vipeuo kwanza unapata 4 na 2, wastani 3. Njia ya mkato imekuongezea asilimia 5 ya hewa isiyokuwepo. Kila nukta ibadilishwe kuwa mwendo kwanza, wastani baadaye.

Kuna kijana mmoja alinipigia simu akauliza: Papa Enjenia, mbona manometa yangu inaruka ruka hata feni ikiwa imezimwa? Nilimjibu atazame mipira. Mpira uliopasuka kwenye kiungo, tone la maji ndani yake, vumbi kwenye vitundu vya ubavuni, au mashine ambayo haikurudishwa sifuri baada ya kupanda nayo ngazi. Zima feni, unganisha midomo miwili ya manometa kwa mpira mmoja, isome sifuri. Isipofanya hivyo, usipime.

Tuseme fundi wetu amefanya yote hayo vizuri, isipokuwa 1.2 imebaki ndani ya mashine. Anapata wastani wa mita 4.4 kwa sekunde. Eneo la bomba ni mita za mraba 0.12. Anazidisha, anapata mita za ujazo 1,901 kwa saa. Mkataba unasema 2,160, ukiruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 10, na mpaka wa chini ni 1,944. Anaandika: feni imeshindwa.

Anafanya nini? Anabadilisha puli ili feni izunguke haraka zaidi, kwa asilimia 13.6, apate zile 2,160. Lakini nguvu inayotakiwa na feni hupanda kwa mchemraba wa mwendo wake. Asilimia 13.6 ya mwendo inaomba karibu asilimia 47 zaidi ya nguvu. Mota inapata joto, tena katika hewa nyepesi inayoipoza vibaya. Mota za kawaida zimetengenezwa kwa kuhesabia mwinuko usiozidi mita 1,000, na juu ya hapo zinatakiwa kubebeshwa mzigo pungufu. Nani atalipa mafuta ya grupu, mnamjua. Na feni haikuwa imeshindwa. Kwa hewa ya 0.97, zile 4.4 ni 4.89, na hewa iliyokuwa ikitoka tangu mwanzo ni mita za ujazo 2,114 kwa saa. Upungufu ni asilimia 2 tu. Baada ya puli mpya, vyumba vinatoa 2,402, ambazo zimevuka mpaka wa juu wa 2,376. Fundi ameichukua kazi iliyokuwa ndani ya mkataba, akaitoa nje kwa gharama ya mteja, na manometa yake itamwambia kwamba sasa mambo ni sawa kabisa.

Kuna wanaojitetea wakisema: sisi tunaandika hewa ya kawaida ya kitabu, si hewa ya Butembo. Sawa, hiyo ipo. Kwa kupoza au kupasha joto chumba, kilichobebwa ni kilo za hewa, na watu hubadilisha kuwa mita za ujazo za hewa ya pwani. Lakini ukifanya hivyo kwa uaminifu unapata 1,709, si 1,901. Mita 2,114 za hapa zina kilo sawa na mita 1,709 za pwani. Ile 1,901 imekaa katikati, haielezi hewa ya hapa wala ya kule. Na kwa mgonjwa wa kifua kikuu tunachotaka ni chumba kioshwe, kwa hiyo mita za ujazo za hapa hapa ndizo zinazohesabiwa.

Sasa, je, 2,114 yenyewe ni ya kuaminiwa kiasi gani? Hapa wengi huandika "usahihi asilimia 2" kwa sababu ndivyo ilivyochapishwa kwenye boksi la manometa. Tufanye hesabu ya shaka kwa bomba letu, polepole.

Manometa yetu inaweza kukosea Paskali 1 juu au chini. Hatujui iko wapi ndani ya mpaka huo, kwa hiyo tunagawanya kwa kipeuo cha pili cha 3, tunapata 0.58. Presha ya mwendo wetu wa wastani ni Paskali 11.6, hivyo shaka ni asilimia 5 ya presha. Kwa kuwa mwendo ni kipeuo cha presha, shaka ya mwendo ni nusu yake, asilimia 2.5. Mahali pa kupimia, tukiwa na mita mbili tu zilizonyooka, napatia asilimia 2. Hiyo ni hukumu yangu ya kazi, na mwingine anaweza kusema 3. Tulirudia kipimo chote mara tatu, na kutofautiana kwa majibu kunatupa asilimia 1. Eneo la bomba, baada ya kupima ndani kwa ndani na si nje kwa nje, nusu asilimia. Mrija wenyewe, nusu nyingine. Uzito wa hewa, tukiwa na barometa na kipimajoto vya kawaida, asilimia 0.2.

Hatuzijumlishi moja kwa moja, kwa sababu si rahisi zote zikosee upande mmoja kwa wakati mmoja. Kila moja tunaizidisha kwa yenyewe, tunajumlisha, tunatafuta kipeuo. Mbili na nusu inatoa 6.25, mbili inatoa 4, moja inatoa 1, nusu mbili zinatoa 0.5, na uzito wa hewa unatoa 0.04. Jumla 11.79, kipeuo chake asilimia 3.4. Tunazidisha kwa mbili ili tuwe na uhakika wa karibu mara 95 katika 100: asilimia 6.9. Jibu letu ni mita za ujazo 2,114, zaidi au pungufu ya 145. Hata upande wa chini kabisa, 1,969, bado uko juu ya mpaka wa 1,944. Tunatia sahihi, na puli haiguswi. Kama tungepata 2,000, tusingeweza kusema imepita wala imeshindwa, na ingebidi tutafute manometa bora kabla ya kugusa chochote.

Ukitazama orodha hiyo utaona jambo la kuchekesha. Uzito wa hewa uliopimwa ndiyo shaka ndogo kuliko zote, karibu haina maana. Usipopimwa, unaleta kosa la asilimia 10, kubwa kuliko shaka zote zikijumlishwa. Na hesabu ya shaka haiwezi kulifichua. Yule fundi wa 1,901 angeweza kufanya hesabu yote niliyoifanya, akapata asilimia 6.9 yake nzuri kabisa, akaandika namba ambayo ukweli hauko ndani ya mipaka yake. Shaka inahesabu yale uliyoyakumbuka tu. Kwa upande mwingine, usihangaike kununua barometa ya bei. Hapa kwenye ikweta presha hupanda na kushuka mara mbili kila siku kwa hektopaskali tatu hivi, na jambo hilo linagusa mwendo kwa chini ya asilimia 0.2. Fedha hizo zitie kwenye manometa inayosoma presha ndogo.

Presha ndogo ndiyo inayotusumbua tukifika kwenye matawi. Kila chumba kina tawi lake, nalo lina ukubwa ule ule wa 400 kwa 300, kwa sababu aliyekata bati alikuwa na kipimo kimoja. Humo mwendo ni nusu, kiasi cha mita 2.4 kwa sekunde. Nusu ya mwendo ni robo ya presha: chini kidogo ya Paskali 3. Manometa ile ile yenye kosa la Paskali 1 sasa inatupa shaka ya asilimia 10 peke yake, na tukizidisha kwa mbili ni asilimia 20. Namba zitaonekana kwenye kioo, zitakuwa na desimali, na hazitakuwa na maana kwa mkataba wa asilimia 10. Chini ya mita 3 au 4 kwa sekunde, mrija wa Pitot na manometa ya kawaida viacheni kwenye mfuko.

Njia ni kuachia bomba kuu ndilo liseme kiasi, na matawi yaseme uwiano tu. Kwenye tundu la kila chumba shika kipima-upepo cha panga au cha waya wa moto, kile kile, kwa mkono ule ule, na mtindo ule ule. Kikikosea, kitakosea sawasawa kote kuwili. Kikisoma 2.0 kwa chumba cha kwanza na 1.6 cha pili, usijali 2.0 ni ya kweli au la. Funga kidogo kilango cha chumba cha kwanza, kile kinachopata zaidi, mpaka visomeke sawa, na cha pili ukiache wazi kabisa. Ile 2,114 ya bomba kuu ndiyo inayogawanywa. Kisha rudi juu upime bomba kuu tena, kwa sababu kufunga kilango kumepunguza hewa yote kidogo, na ile nafasi tuliyokuwa nayo juu ya mpaka ilikuwa mita 25 tu.

Mwisho wa karatasi, chini ya jibu, andikeni presha ya barometa, joto la ndani ya bomba, na uzito wa hewa mlioutumia. Wenzetu wa Beni wakichukua karatasi ya Butembo kama kielelezo, wasinakili ile 0.97. Kwao itawapa mwendo mkubwa kuliko ulivyo kwa asilimia 2 na nusu, na chumba kitaonekana kinaoshwa vizuri kuliko kinavyooshwa.